Jedwali likikuingiza chaka: kusoma limiti kwa namba na kwa grafu

Mwezi uliopita kwenye twisheni yangu pale Pasua, Moshi, niliwapa vijana watatu wa kidato cha tano swali moja, nikawaambia kila mtu akae kona yake na atumie kalkuleta tu, hakuna aljebra. Fanksheni ilikuwa f(x) = cos(2π/x) na swali lilikuwa rahisi kulisema: x ikisogea karibu na 0, f(x) inaelekea wapi? Baada ya kama dakika kumi nikakusanya majibu. Wa kwanza kaandika 1, wa pili kaandika −1, wa tatu kaandika −0.5. Na kila mmoja alikuwa na jedwali safi kabisa, mistari mitatu minne, namba zimetulia hazitikisiki hata kidogo, na hakuna aliyekosea kubonyeza.

"Ticha, sasa nani kapata?" Nikawaambia hakuna. Wakadhani nawatania.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya hilo swali lao. Kusoma limiti kwenye jedwali na kwenye grafu ni kazi halali na nzuri tu, hata mimi ndo naanzia hapo kila siku, ila kuna namna ya kuifanya na kuna sehemu ambazo jedwali linakupa jibu la uongo huku limevaa suti. Nitaenda hatua kwa hatua, kwingine nitakaa sana, kwingine nitapita tu.

Hatua ya kwanza: tengeneza jedwali pande zote mbili

Chukua fanksheni ya kuanzia, f(x) = (x² − x − 6)/(x − 3), tunataka limiti x ikielekea 3. Ukiweka 3 yenyewe kalkuleta inakuandikia `Math ERROR` kwa sababu chini kunakuwa 0, na hapo ndo wengi wanakwama wakidhani swali limeisha, kumbe limiti haiulizi kinachotokea pale pale kwenye 3, inauliza f(x) inasogelea namba gani wakati x inakaribia 3 bila kuifikia. Kwa hiyo unakaribia kutoka kushoto (namba ndogo kuliko 3) halafu unakaribia kutoka kulia.

| x kutoka kushoto | f(x) | x kutoka kulia | f(x) |
|---|---|---|---|
| 2.9 | 4.9 | 3.1 | 5.1 |
| 2.99 | 4.99 | 3.01 | 5.01 |
| 2.999 | 4.999 | 3.001 | 5.001 |

Kushoto inapanda kwenda 5, kulia inashuka kwenda 5, pande zote zimekubaliana, basi tunakisia limiti ni 5. Neno kukisia nimelitumia makusudi, likumbuke. Ukifanya upande mmoja tu umefanya nusu ya kazi, na kwenye mtihani maswali mengi ya fanksheni zilizokatwa vipande yanatungwa kumnasa huyo wa upande mmoja.

Kabla hujaenda mbali, kama kuna sin au cos kwenye swali, tazama juu ya kioo cha kalkuleta yako uone iko kwenye digrii au rediani. Hili linaonekana dogo ila nimeliona mara nyingi mno: mtu anatafuta limiti ya sin x / x kwenye 0, kalkuleta iko kwenye digrii, anaweka 0.1 anapata 0.0174533, anaweka 0.01 anapata 0.0174533, anaweka 0.001 anapata ileile, anafurahi kwamba jedwali limetulia, anaandika jibu. Jibu la rediani ni 1. Hiyo 0.0174533 ni π/180 tu, yaani kipimo cha kugeuza digrii kuwa rediani kimejitokeza pale kama jibu. Ona kwamba jedwali halikuyumba hata kidogo, kwa hiyo kutulia kwa namba peke yake sio dalili ya ukweli.

Hatua ya pili: usisome namba tu, soma pengo kati ya mstari na mstari

Hii watu wengi hawafundishwi na kwangu mimi ndo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Rudi kwenye jedwali la juu, upande wa kushoto. Kutoka 4.9 kwenda 4.99 pengo ni 0.09. Kutoka 4.99 kwenda 4.999 pengo ni 0.009. Pengo linakatika mara kumi kila ukishuka mstari mmoja, kwa hiyo hata ukiendelea mistari elfu moja, jumla ya mapengo yote yaliyobaki ni kitu kidogo sana, hakiwezi kukuvusha 5. Kama fanksheni ina tabia nzuri, jedwali lake linakuwa hivi, pengo linakufa haraka.

Sasa jaribu x^0.01, x ikielekea 0 kutoka kulia:

| x | x^0.01 |
|---|---|
| 0.1 | 0.9772 |
| 0.01 | 0.9550 |
| 0.001 | 0.9333 |
| 0.000001 | 0.8710 |

Mtu mwenye haraka anaangalia hapo anasema aisee hii iko kwenye zero pointi tisa na kitu, labda inaishia 0.9, labda 0.85. Mwenye kusoma mapengo anaona kitu kingine. Kutoka mstari wa kwanza kwenda wa pili pengo ni 0.0222, kutoka wa pili kwenda wa tatu ni 0.0217. Halijakatika mara kumi, halijakatika hata nusu, karibu ni lilelile. Maana yake namba bado inasafiri, haijafika popote, na hujui itashukia wapi. Ukiendelea mpaka x ndogo kabisa ambayo kalkuleta nyingi za sayansi zinaikubali, 10^-99, unapata 0.1023. Na limiti halisi ni 0. Ili f(x) ishuke chini ya 0.001 unahitaji x iwe chini ya 10^-300, namba ambayo kalkuleta yako haina hata nafasi ya kuiandika. Kwa hiyo hapa jedwali la kalkuleta haliwezi kukufikisha hata ukikesha, na njia ya kujua ni kuitazama fomula: 0.01 ni kipeo chanya, na namba inayoelekea 0 ikiwekwa kipeo chochote chanya kisichobadilika inaelekea 0, iwe kwa mbio au kwa mwendo wa kinyonga.

Hatua ya tatu: grafu, tembeza vidole viwili

Kwenye grafu weka kidole kimoja kwenye mstari upande wa kushoto wa sehemu unayoulizwa, kingine upande wa kulia, vitembeze vyote kuelekea pale katikati halafu usome kwenye mhimili wa y vimefika urefu gani. Vikikutana urefu mmoja limiti ipo, hata kama pale wanapokutana pana tundu, hata kama kuna kidoti kimechorwa juu au chini mbali na tundu. Kile kidoti ni thamani ya fanksheni, sio limiti.

Mfano wa kuelewa kwa haraka. Tuseme pale stendi kuna basi linalobeba mizigo kwenda Dar, mzigo mpaka kilo 5 wanachaji shilingi 3,000, ukizidi kilo 5 hata kwa gramu moja ni 5,000. Chora bei dhidi ya uzito. Kidole cha kushoto kinatembea kwenye 3,000 mpaka kilo 5, kidole cha kulia kinarudi kwenye 5,000 mpaka kilo 5. Havikutani. Limiti ya kushoto ni 3,000, limiti ya kulia ni 5,000, limiti yenyewe haipo, ingawa bei ya kilo 5 kamili ipo na ni 3,000. Wanafunzi huwa wanataka kuchukua wastani wa 4,000, sijui huwa wanautoa wapi huo wastani, hakuna mtu aliyewahi kulipa 4,000 hapo.

Kuhusu grafu za kwenye simu, iwe GeoGebra au Desmos au nyingine, jua zinavyofanya kazi kwa ujumla: simu haichori fanksheni yote, inapiga hesabu ya nukta nyingi halafu inaziunganisha. Ndo maana tundu la (x² − x − 6)/(x − 3) pale kwenye 3 mara nyingi hulioni, unaona mstari ulionyooka kama hakuna kitu, kwa sababu tundu halina upana kabisa na kioo hakina kitu chembamba hivyo. Na mchoro mwingine utakuunganishia kushoto na kulia kwa mstari wa wima mahali pa kuruka, kama ile bei ya mzigo, ukadhani kuna mtelemko pale. Grafu ya simu nayo ni jedwali tu, ni jedwali refu lililopakwa rangi.

Hatua ya nne: badilisha unavyochagua x (hapa turudi kwa wale vijana watatu)

Wa kwanza alichagua x kama tulivyozoea wote: 0.1, 0.01, 0.001. Akaweka cos(2π ÷ x) kwenye rediani, akapata 1, 1, 1.

Wa pili yeye ana tabia ya kutokufuata watu, akaanza na 0.4 akawa anagawa kwa 5: 0.4, 0.08, 0.016, 0.0032. Akapata −1 kila mstari.

Wa tatu alianza 0.3 kisha 0.03 kisha 0.003. Akapata −0.5, −0.5, −0.5.

Sasa angalia kwa nini, kwa sababu hapa ndo kuna kitu chenyewe. cos inajirudia kila ukiongeza 2π, yaani cos ya 20π ni sawa na cos ya 0. Ukiweka x = 0.1, ile 2π/x inakuwa 20π. Ukiweka 0.01 inakuwa 200π. Ukiweka 0.001 inakuwa 2000π. Zote ni π mara namba shufwa, kwa hiyo cos inatua kileleni kila mara, 1. Kijana hajui lakini amechagua x zake kwa mpangilio unaogongana sawasawa na mpangilio wa wimbi lenyewe, kila akifungua jicho wimbi liko juu.

Wa pili: 2/0.4 ni 5, 2/0.08 ni 25, 2/0.016 ni 125, 2/0.0032 ni 625. Zote witiri. cos ya π mara witiri ni −1. Yeye kila akifungua jicho wimbi liko bondeni. Wa tatu: 2/0.3 ni 6 na theluthi mbili, 2/0.03 ni 66 na theluthi mbili, 2/0.003 ni 666 na theluthi mbili. Toa zile shufwa, 6 na 66 na 666, hazina kazi, inabaki theluthi mbili ya π kila mara, na cos yake ni −0.5.

Niliwaambia hivi, wewe ukiamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi ukatazama mlima, ukaona Kibo iko wazi theluji inang'aa, ukarudi ndani usitazame tena mpaka kesho saa kumi na mbili, baada ya mwezi utaapa kwamba Kibo haina mawingu. Mwenzako anayetoka kazini saa nane mchana na kutazama saa nane tu ataapa hajawahi kuiona. Nyote wawili mmeandika kumbukumbu za kweli na nyote mko chaka, tatizo ni saa mliyochagua.

Kwa hiyo kanuni ya vitendo: usiishie na 0.1, 0.01, 0.001. Hizi ndo namba mbaya kuliko zote kwa fanksheni yenye mawimbi kwa sababu zina mpangilio mzuri mno. Tengeneza jedwali la pili lenye x za ajabu ajabu, 0.07, 0.0043, 0.00091, vyovyote vinavyokujia kichwani. Kwa cos(2π/x) ukifanya hivyo tu namba zinaanza kuruka huku na kule na siri inafichuka. Lakini, na hili lisikupite, kama hazikuruka haijathibitisha kitu, imekuongezea imani tu, kwa sababu hata x za ajabu ni chache na katikati yake kuna x nyingine zisizohesabika ambazo hujazigusa.

Ukichora kwenye simu nako kuna vioja. Karibu na 0 grafu inakuwa kama ukuta wa rangi. Kati ya x = 0.01 na x = 0.02 wimbi linajirudia mara 50. Kati ya 0.001 na 0.002 linajirudia mara 500. Na kutoka hapo mpaka 0 linajirudia bila mwisho. Kioo chenye nukta elfu moja kwa upana kikionyesha kutoka 0 mpaka 1, sehemu yote ya 0 mpaka 0.01 imepewa nukta kumi, sasa nukta kumi zitabeba vipi mawimbi yasiyo na mwisho? Ndo maana ukivuta grafu karibu, umbo linabadilika badilika, saa nyingine unaona mawimbi mapana mazuri ambayo hayapo kabisa, ni yale yale ya jicho kufunguka kwa zamu. Ukiona umbo la grafu linabadilika kila ukivuta karibu, acha kusoma jibu hapo.

Na hilo jibu sahihi? Limiti haipo. Ushahidi wake unatoka kwenye majedwali ya vijana wawili wa kwanza, ila yakiandikwa kwa herufi badala ya namba. Chukua x = 1/n, n ikiwa namba nzima chanya yoyote: 2π/x ni 2nπ, cos ni 1 daima, na n ikikua 1/n inakaribia 0. Chukua x = 2/(2n + 1): 2π/x ni (2n + 1)π, cos ni −1 daima, na hii nayo inakaribia 0. Njia mbili zote zinaenda 0, moja inashikilia 1 nyingine inashikilia −1, milele, kwa hiyo hakuna namba moja ambayo f(x) inaisogelea. Tofauti na jedwali ni hapo kwenye neno yoyote, kijana wa kwanza alikagua mistari mitatu, n imekagua yote.

Hatua ya tano: usishuke chini kupita uwezo wa kalkuleta

Hii ni kinyume na mtego uliopita. Kule tulikuwa hatukagui x za kutosha, hapa tunakwenda mbali mno. Fanksheni: g(x) = (√(16 + x²) − 4)/x², x inaelekea 0. Ukiwa na kompyuta yenye Python weka hivi:

```python
from math import sqrt
for n in range(1, 9):
    x = 10**-n
    print(x, (sqrt(16 + x*x) - 4)/(x*x))
```

Mistari ya mwanzo inakuja vizuri, 0.12498, kisha 0.1249998, inatulia kwenye 0.125. Unaendelea kwa sababu umeambiwa ukikaribia zaidi ndo unapata ukweli zaidi. Kwenye x = 10^-6 inakuja 0.1243. Kwenye 10^-7 inakuja 0.0888. Kwenye 10^-8 inakuja 0.0. Mwenye kuamini mstari wa mwisho kuliko yote ataandika limiti ni 0, na mimi mwenyewe enzi hizo niliwahi kuandika hivyo kwenye zoezi na nikabisha kabisa nilipokatwa.

Kinachotokea ni hiki. Kalkuleta nyingi za sayansi zinaonyesha tarakimu 10 na ndani zinabeba kama 15, kompyuta inabeba kama 16. Ukiweka x = 10^-8, x² ni 10^-16, na 16 + x² ni 16.0000000000000001, hesabu tarakimu hapo ni 18. Haziingii. Mashine inakata mkia, inabaki 16 tupu, kipeuo chake ni 4, 4 toa 4 ni 0, sifuri ukigawa kwa chochote ni 0. Taarifa yote uliyokuwa unaitafuta ilikuwa kwenye ule mkia uliokatwa. Kwenye kalkuleta yako ya mkononi sehemu ya kuanza kuharibika inaweza ikatofautiana kidogo na Python, ila ikifika 10^-8 itakuwa imeshakufa nayo.

Utajuaje kabla hujaingia? Tazama fomula kama ina kutoa namba mbili zinazokaribia kufanana, halafu matokeo yanagawanywa kwa kitu kidogo sana. Hapo juu ni √(16 + x²) na 4. Hiyo ndo alama ya hatari. Na kwenye jedwali lenyewe dalili ni kwamba namba zinatulia kwanza, mapengo yanakufa vizuri, halafu ghafla yanaanza kukua tena. Sehemu ya kuamini ni ile ya katikati iliyotulia, sio ya mwisho. Fanksheni nzuri haina sababu ya kutulia kwenye 0.125 mistari mitatu minne halafu ibadili mawazo, ila kalkuleta inayo sababu.

Hatua ya sita: maliza kwa kitu kisicho kalkuleta

Kwa g(x), zidisha juu na chini kwa √(16 + x²) + 4. Juu inakuwa 16 + x² − 16 ambayo ni x², inafutana na x² ya chini, unabaki na 1/(√(16 + x²) + 4). Sasa hakuna kutoa tena, unaweka x = 0 bila hofu, unapata 1/8, na hiyo ndo 0.125 yetu. Ukitaka kuburudika weka hii fomula mpya kwenye Python ile ile, itatulia kwenye 0.125 na kubaki hapo mpaka mstari wa mwisho bila kutetereka. Fanksheni ni moja, thamani ni zilezile, ila maandishi tofauti na mashine inafanya kazi tofauti.

Kwa ile ya kwanza kabisa, x² − x − 6 ni (x − 3)(x + 2), inafutana, inabaki x + 2, jibu 5, limeisha.

Na kwa zenye mawimbi kuna kubana. Tuseme swali lingekuwa x·cos(2π/x). Grafu yake nayo inatikisika bila mwisho karibu na 0 na mtu aliyetoka kusoma hatua ya nne anaweza akarukia kusema limiti haipo. Ila cos haizidi 1 wala haishuki chini ya −1, kwa hiyo ukizidisha kwa x kitu kizima kimebanwa kati ya −|x| na |x|, na hizo zote mbili zinakwenda 0, basi na ya katikati haina pa kwenda ila 0. Kwenye grafu unaliona vizuri hili, mawimbi yamefungiwa kwenye umbo kama funeli mbili zimegusana upande mwembamba, na hapa grafu inakusaidia kuliko jedwali kwa sababu inakuonyesha kuta. Tafuta kuta kwanza kabla hujahesabu mawimbi.

Siku ile tulipomaliza nilianza kufuta ubao, yule wa tatu, wa −0.5, akabaki anachora chora kwenye daftari wenzake wameshavaa mabegi. "Ticha, kwa hiyo naweza nikachagua x zangu nikapata jibu lolote nalotaka kati ya −1 na 1?" Nikamwambia nitafutie zinazotoa 0. Akawaza kwamba cos inakuwa 0 kwenye nusu π, kwa hiyo 2/x inatakiwa iwe shufwa na nusu, 2.5, 12.5, 62.5. Akagawa. Akaandika 0.8, 0.16, 0.032, akabonyeza zote tatu, akanigeuzia kioo.

0, 0, 0.